CV ya dereva wa foklifti: uandike majukumu au uandike namba?

Kijana_wa_Ghala
Wakuu, naomba mnipimie. Kuna nafasi kwenye ghala la vinywaji hapa Dar, wanataka dereva wa richi traki anayejua SAP. Nina CV mbili, kila moja ukurasa mmoja.

A inaanza na majukumu: "Kuendesha foklifti, kupanga mzigo, kuhesabu stoku, kufuata kanuni za usalama." Vyeti viko chini kabisa.

B inaanza na vyeti, kisha namba: "Leseni ya foklifti. SAP. Kupiki mistari 68 kwa saa, usahihi 99.7%. Ajali 0." Nitume ipi?

Bohari_Kuu
Tuma B, ila si kama ilivyo. A haifai, kwa sababu majukumu hayo anayo kila dereva wa foklifti na msimamizi anayajua kabla hajafungua barua yako.

Anza na mashine. "Leseni ya foklifti" haimwambii anachotafuta. Aliyezoea kauntabalansi ya tani 3 uwanjani, akishusha malori, huwezi kumwingiza kesho yake kwenye njia nyembamba akaweke paleti mita 8 juu. Kila mashine ipe mstari wake, hivi:

"Richi traki, tani 1.6, kunyanyua hadi mita 8.5. Cheti cha VETA, Machi 2022. Niliiendesha 2022 hadi 2024."

Tani na mita vitoe kwenye bamba la mashine, usikadirie. Na uwe tayari kwa swali la usaili: tani hizo hadi urefu gani? Mashine ya tani 1.6 hubeba tani hizo pale tu kitovu cha mzigo kisipozidi umbali ulioandikwa kwenye bamba, mara nyingi milimita 500 au 600 kutoka kwenye mgongo wa uma. Kitovu kikisogea mbele, au ukinyanyua juu sana, uwezo unashuka. Aliyeandika tani bila kulielewa bamba hujulikana hapo hapo.

Dereva_Kurasini
Ongeza cheti cha OSHA kaka, kile kinatambulika dunia nzima na kinadumu miaka 3. Ukiwa nacho hata Dubai unaingia.

Shamsa_Usalama
Miaka 3 ni kweli, hayo mengine hapana. Kanuni ya Marekani ya foklifti, 1910.178, inamtaka mwajiri amfundishe dereva, amjaribu kwenye mashine na mazingira ya kazi yake, kisha amtathmini upya angalau kila baada ya miaka 3. Anayethibitisha ni mwajiri. OSHA ya Marekani haitoi leseni ya foklifti kwa mtu binafsi, kwa hiyo karatasi ya kozi ya mtandaoni yenye jina hilo haiwi leseni. OSHA yetu ya Tanzania nayo ni wakala mwingine kabisa. Dubai foklifti ina leseni yake ya RTA, unaipatia kule kule.

Andika jina la aliyekupa cheti kama lilivyo kwenye cheti. Ukiwa na karatasi ya kozi ya mtandaoni, iite mafunzo ya nadharia.

Kijana_wa_Ghala
Asante dada. Na zile namba je? Nilizichukua kwenye ripoti za wiki moja.

Bohari_Kuu
Umezipataje hizo 68?

Kijana_wa_Ghala
Mistari 2,380 kwa shifti 5. Kila shifti saa 8, ukitoa mapumziko na kikao cha asubuhi inabaki 7. Makosa yaliyokamatwa kwenye ukaguzi ni 7.

Bohari_Kuu
Hesabu iko sawa. Saa 35, mistari 68 kwa saa. Makosa 7 kwa 2,380 ni karibu 0.3%, ndiyo 99.7 yako. Ila ungegawa kwa saa zote 40 ungepata 59 na kidogo, kwa kazi ile ile. Ndiyo maana msimamizi haiamini namba isiyosema imegawanywa kwa nini.

Halafu wiki moja ni chache. Huenda ilikuwa wiki ya oda kubwa, mstari mmoja paleti nzima, au wiki ya oda ndogo za katoni mbili mbili. Chukua miezi 3 kama ripoti zipo, kisha uandike: "Wastani wa mistari 68 kwa saa ya kazi halisi, oda za katoni, raki ya chini, usahihi 99.7% kwenye ukaguzi wa kutoka." Wastani ukishuka hadi 61, andika 61.

Jambo la mwisho hapa: kupiki katoni si kazi ya richi traki. Kwa nafasi hii wanataka paleti kwa saa, tena utenganishe kupandisha rakini na kushusha lori. Kupandisha ngazi ya tano kunakula muda kuliko kushusha lori sambamba na jukwaa, usizichanganye kwenye wastani mmoja.

Mama_Nasra
Mimi sijawahi kushika foklifti, napiki kwa mkono na pampu ya paleti. Nami niweke mashine juu?

Bohari_Kuu
Hapana dada, wewe anza na kasi na usahihi, ndiyo mali yako. Pampu ya mkono itaje ndani ya mstari wa kazi, usiipandishe kwenye orodha ya vyeti. Kama ni ya umeme na ulifunzwa, hiyo iandike juu.

Stoo_Kibaha
Kwenye SAP mwandikie uliyoyagusa. Mwenye skana tu aandike "kuthibitisha uhamisho wa paleti kwa skana". Kama ulikaa kwenye kompyuta, taja `LT12` ya kuthibitisha oda ya uhamisho au `LX03` ya kuangalia hali ya bini. Usiandike `MIGO` kama mapokezi alikuwa anaingiza karani. Mara nyingi wanauliza: skana inasema bini tupu, umefika umekuta paleti, unafanya nini? Jibu ni kutokuweka mzigo pale, kutobadilisha bini kwa kichwa chako, na kumwita wa stoku aihesabu ile bini. Anayejibu "naweka bini ya jirani" ndiye anayezalisha paleti zinazopotea.

Shamsa_Usalama
Nirudi kwenye "Ajali 0". Sifuri bila muda haisemi kitu. Andika kipindi, na ajali ya aina gani: "Januari 2022 hadi Desemba 2024, hakuna ajali iliyomtoa mtu kazini." Saa za kuendesha usizichukue kwenye mita ya mashine, ile inahesabu za madereva wa shifti zote. Ongeza ukaguzi wa kabla ya shifti kama ulikuwa unajaza fomu: uma, minyororo, breki, honi, mkanda, uvujaji wa mafuta. Na kama uliripoti matukio ya nusura ajali, yataje.

Kijana_wa_Ghala
Niliwahi kupinda mguu wa raki kidogo, niliripoti siku ile ile, hakuna aliyeumia. Niweke?

Shamsa_Usalama
Ndiyo, mstari mmoja. Mguu uliopinda unaweza kuangusha raki yote, na aliyeripoti ndiye tunayemtaka.

Bohari_Kuu
Hapo dada tunatofautiana. Kwenye CV hapana, anayechuja karatasi 200 ataona neno raki na kuiweka pembeni. Usaili wakiuliza, eleza yote bila kuficha. Ila basi usiandike "Ajali 0", kaa kwenye ile "hakuna ajali iliyomtoa mtu kazini", hiyo ni kweli.

Shamsa_Usalama
Mimi ningemwita. Labda inategemea nani anachuja, ofisi ya watumishi au mkuu wa ghala.

Kijana_wa_Ghala
Tangazo linasema barua ziende kwa meneja wa ghala mwenyewe.