Mfanyakazi wa peji: adimini, edita au modereta?

Zuhura_K: Wadau, nimeajiri watu wawili kwa ajili ya peji yangu ya Facebook. Mmoja kazi yake ni kujibu komenti na inboksi, mwingine anaandaa posti na kuzirusha. Hadi sasa adimini ni mimi peke yangu. Niwape vyeo gani? Nasikia edita na modereta hawapishani sana.

MzeeWaRatiba: Wanapishana, dada. Modereta anajibu meseji, anafuta komenti, anamfungia mkorofi, ila harushi posti. Edita anafanya hayo yote na posti anarusha. Hakuna kati yao anayeweza kuongeza au kutoa watu, hiyo ni kazi ya adimini. Kwa hiyo wa kwanza modereta, wa pili edita. Na modereta hagusi matangazo, uwe na amani.

Nahodha77: Hapo mwisho umeteleza mkuu. Hata modereta alikuwa anaweza kutengeneza matangazo ya peji. Halafu vyeo hivyo ni vya peji za zamani. Zuhura, ingia Settings, kisha Page access. Ukikuta "People with Facebook access" na "People with task access", sahau edita na modereta. Wa inboksi mpe task access, washa Messages na Community activity, Content, Ads na Insights ziache zimezimwa. Hatapata kitu mpaka akubali mwaliko.

Kibamia: Mimi peji nilinyang'anywa! Nilimpa rafiki uadimini anishikie wiki moja nikiwa safarini. Tukagombana, akanitoa.

Zuhura_K: Pole sana. Lakini si wewe uliyeifungua?

Nahodha77: Kuifungua hakumlindi. Mwenye Full control, ndiye adimini wa peji za sasa, anaweza kumtoa yeyote, hata mwanzilishi. Kile kitufe cha "Allow this person to have full control" usikiwashe kwa mwajiriwa. Lakini pia usibaki peke yako: akaunti yako ikifungwa, peji inakosa mwenyewe. Mpe mtu mmoja wa kufa na kuzikana.

Zuhura_K: Nimemwalika wa inboksi na amekubali. Sasa analalamika kwamba kwenye Facebook ya simu haoni pa kubadili aingie kama peji.

Nahodha77: Hataiona. Mwenye task access hafanyi kazi kwa kubadili kwenda kwenye peji. Apakue Meta Business Suite, inboksi na komenti zote atazikuta humo.

MzeeWaRatiba: Basi wa posti mpe Facebook access bila Full control. Mtu wa kurusha posti akiwa barabarani atahangaika na app ya pili.

Nahodha77: Ukifanya hivyo umempa na inboksi ya wateja, na matangazo pia. Mimi ningempa Content peke yake.

MzeeWaRatiba: Na mteja akimuuliza bei kwenye komenti ya posti yake mwenyewe, amsubiri mwenzake aamke?

Zuhura_K: Hapo ndipo ninaposita. Nimempa Content kwanza, Ijumaa nitamuuliza amekwama mara ngapi.