Robo ya kwanza imetoka nyekundu, bosi anataka bajeti yote ifumuliwe. Nimkatalie?

mwekahesabu_mdogo:

Wakuu habari za jioni. Niko kiwanda kidogo cha maboksi ya kufungashia, mimi ndo mhasibu na msaidizi wangu mmoja tu. Nimefunga hesabu za Januari hadi Machi, nikazilinganisha na bajeti, matokeo yake bosi hajalala vizuri tangu juzi.

Bajeti ya robo ilikuwa maboksi 60,000 kwa bei ya 1,000, yaani mauzo milioni 60. Tumeuza 51,000 kwa bei ileile, milioni 51. Karatasi tulipanga milioni 27 tukatumia 25.5, hapo angalau tumeokoa. Gharama nyingine zote tulipanga milioni 25 zikatoka 26.25. Faida tuliyotarajia ni milioni 8, tumepata hasara ya laki saba na nusu.

Utaratibu wangu ni kwamba mstari wowote uliopishana na bajeti kwa zaidi ya asilimia 10 naupaka nyekundu na kuuandikia maelezo. Nyekundu ziko nne: mauzo (pungufu asilimia 15), matangazo (tulipanga milioni 4 tukatumia 1.2), matengenezo ya mashine (tulipanga 1.5 zikatoka 3.75), na bima (tulipanga laki sita ikatoka milioni 2.4). Bosi kaona hizo nyekundu kasema bajeti hii imekufa, tuandike mpya kuanzia Aprili. Mimi naona robo moja ni mapema sana, lakini sina hoja ya kumpa. Nisaidieni.

Pwani_Kavu:

Pole mkuu. Mimi nilikuwa napanga mshahara wangu kila mwezi na kila mwezi unapasuka, nikaanza kutenga hela kwenye bahasha, mambo yakatulia. Jaribu.

mwekahesabu_mdogo:

Asante kaka, ila hii ni ya kampuni sio ya nyumbani 😅

Chuma_cha_Pua:

Mleta uzi uko sahihi, usibadilishe kitu. Bajeti ni ya mwaka mzima. Ukiigusa kila robo inakuwa haina maana tena, watu wanajua wakishindwa mtawashushia goli. Sisi kwetu hatugusi mpaka Juni ipite. Ukiona hali mbaya kata gharama zote kwa asilimia 15 sawa na mauzo yalivyoshuka, basi, mizani inakaa.

bibi_leja:

Chuma nakubaliana nawe nusu. Bajeti ya awali isiguswe, hapo sawa kabisa. Ila kusubiri Juni bila kufanya kitu, na hiyo ya kukata kila mahali asilimia 15, hapana. Kodi ya jengo haishuki kwa sababu umeuza maboksi machache.

Mwanangu mleta uzi, nimesoma namba zako mara mbili na kinachonitisha sio hizo nyekundu zako nne, ni mstari ambao hukuupaka rangi kabisa. Karatasi. Unasema mmeokoa milioni moja na nusu, ni kama asilimia 5 na nusu kwa hiyo kichujio chako kimeupitisha. Lakini ile milioni 27 ilikuwa ya maboksi 60,000, yaani 450 kila boksi. Nyie mmetengeneza 51,000. Kwa maboksi hayo mlistahili kutumia milioni 22.95. Mmetumia 25.5. Sio akiba hiyo, mmepitiliza kwa milioni 2.55.

Kabla sijasema zaidi naomba vitu viwili: kilo za karatasi mlizotumia kila mwezi, na invoisi za karatasi mwezi kwa mwezi. Usinipe wastani wa robo.

mwekahesabu_mdogo:

Daah. Sikuigeuza kabisa kwa idadi, niliangalia jumla na jumla.

Nimetoka stoo sasa hivi. Boksi moja linakula nusu kilo, tumetengeneza 17,000 kila mwezi kwa hiyo kilo 8,500 kila mwezi, zinalingana na leja ya stoo. Januari na Februari tulinunua kilo kwa 900 kama bajeti inavyosema. Machi invoisi inasoma 1,200. Kuna barua ya saplaya kwamba bei hiyo inaanza tarehe 1 Machi mpaka watakapotoa taarifa nyingine. Barua ilikuwa kwenye faili la manunuzi, mimi sikuiona.

bibi_leja:

Basi ndo hiyo. Uone wastani ulivyotaka kukudanganya. Ukigawa milioni 25.5 kwa kilo 25,500 unapata 1,000, unasema aah, karatasi imepanda kidogo. Lakini hakuna siku hata moja mliyonunua kwa 1,000. Miezi miwili mlikuwa kwenye 900 na sasa mko kwenye 1,200, na mnaingia Aprili na hiyo 1,200. Ukitaka kujua mwaka unaelekea wapi angalia Machi peke yake, robo nzima itakuficha. Ongezeko lote lile la milioni 2.55 ni la mwezi mmoja!

Habari njema ni kwamba kilo zimekaa sawa, mafundi hawapotezi karatasi. Usiende kugombana na watu wa mashine.

Sasa hizo nyekundu zako, ziulize moja moja: hii itaendelea, au ni ya muda tu? Bima ulilipa ya mwaka mzima Januari?

mwekahesabu_mdogo:

Ndio, milioni 2.4 ya mwaka, nikaiingiza yote Januari. Matengenezo ni ile sevisi kubwa ya mwaka, milioni 3, imefanyika Februari, kwenye bajeti tulisambaza laki tano kila mwezi. Matangazo kampeni imesogezwa Mei.

Mauzo: kati ya maboksi 9,000 yaliyopungua, 3,000 ni oda ya mteja mmoja imesogea Aprili, tayari kasaini. Hizo 6,000 ni mteja aliyekuwa anachukua 2,000 kila mwezi, amehamia kwingine tangu Januari. Harudi.

bibi_leja:

Umeshajijibu mwenyewe. Bima ni kosa la kuingiza, robo inastahili laki sita tu, ukirekebisha ile hasara yako inageuka faida ya milioni 1.05. Sevisi na matangazo ni kalenda, mwisho wa mwaka vitarudi kwenye bajeti vyenyewe, ila hiyo hela ya matangazo usiiite akiba maana Mei inatoka. Nyekundu tatu kati ya nne hazina ugonjwa.

Ugonjwa uko kwenye vitu viwili. Mteja aliyeondoka, maboksi 18,000 kwa miezi tisa iliyobaki, na kila boksi lilikuwa linabakiza 550 baada ya karatasi, hapo milioni 9.9 imeondoka. Oda ya Aprili inarudisha milioni 1.65. Halafu karatasi: maboksi 165,000 yaliyobaki, nusu kilo kila moja, nyongeza ya 300 kwa kilo, milioni 24.75. Karatasi ambayo haikuwa nyekundu ni mara mbili na nusu ya mteja anayemtoa bosi usingizi.

Ukijumlisha yote, pamoja na milioni 7.5 ambazo robo ya kwanza ilishapoteza kwenye maboksi 9,000 yaliyopungua na karatasi ya Machi, mwaka uliopangiwa faida ya milioni 32 unaisha na hasara kama milioni 8.5.

Chuma_cha_Pua:

Hapo bibi umenipiga. Lakini bei ya karatasi inaweza kushuka, huwezi kufumua mpango kwa invoisi za mwezi mmoja.

bibi_leja:

Swali zuri kuliko lile la asilimia 15 😀 Ndo maana unatengeneza makisio mawili. La kwanza karatasi inabaki 1,200 mpaka Desemba, hiyo ni hasara ya 8.5. La pili inarudi 900 kuanzia Julai: unaokoa milioni 16.2 na mwaka unaisha na faida ya milioni 7.7. Hata kwenye hilo zuri uko mbali sana na 32. Kama makisio mazuri yangekurudisha karibu na bajeti ningesema subiri. Hayakurudishi, kwa hiyo hakuna kusubiri Juni.

Ila kurekebisha sio kufuta. Bajeti ya awali ifungie, shiti ibaki kama ilivyopitishwa. Pembeni weka safu ya makisio mapya, kila mwezi unaonyesha vyote viwili. Ukifuta ile ya zamani na kuweka mpya, mwezi Aprili tofauti zote zinakuwa sifuri na hakuna atakayekumbuka kwamba kuna milioni 40 zimeyeyuka.

tumaini_la_mradi:

Samahani naingilia. Sisi ni shirika la mradi, kwetu huwezi hata kuhamisha hela mstari mmoja kwenda mwingine bila barua ya mfadhili ukipita asilimia 10 ya mstari. Tulichelewa kuomba mwaka jana, tukasubiri mpaka robo ya tatu, matumizi yetu mengine yakakataliwa kwenye ukaguzi. Kwa hiyo mleta uzi uliza kwanza nani ana mamlaka ya kubadilisha, bosi peke yake au bodi?

mwekahesabu_mdogo:

Bajeti ilipitishwa na wanahisa watatu, bosi ni mmoja wao. Makisio nadhani naweza kutoa mwenyewe.

Nimemwonyesha bosi hii hesabu jioni hii. Kakaa kimya kidogo halafu kasema karatasi ikiongezeka 150 kwa boksi basi tupandishe bei tuuze 1,150. Nikamwambia mteja aliyeondoka aliondoka kwa sababu ya bei. Hakunijibu. Kesho anampigia saplaya mwingine aombe bei ya kilo.

Swali langu la mwisho: watu wa mauzo bonasi yao inapimwa na bajeti ya maboksi 240,000. Makisio mapya ni 216,000. Niwapime na ipi?

Chuma_cha_Pua:

Ya awali. Karatasi sio kosa lao lakini mteja kaondoka mikononi mwao.

bibi_leja:

Mimi nasema ya awali pia, ila kama aliondoka kwa bei ambayo bosi aliipanga, hapo sina uhakika ni haki. Hilo waamue wanahisa, wewe peleka namba zote mbili. Na kile kichujio chako cha asilimia 10, kuanzia Aprili geuza bajeti kwa idadi ya maboksi kwanza ndo upake rangi, na weka na kiwango cha fedha pembeni, mfano milioni moja, hata kama asilimia ni ndogo.

Pwani_Kavu:

Kumbe mlikuwa mnaongelea kiwanda. Mimi nina kibanda cha uchapaji, nanunua karatasi pia, hiyo barua ya saplaya na mimi nadhani ninayo mahali.