Kikundi cha Nyumbani: Dawa ya Mende Siku ya Jumamosi

Zuhura: Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni. Nimepokea uthibitisho wa ziara ya kupuliza dawa ya mende, nami nauweka hapa kama ulivyoandikwa ili kila mmoja ausome mwenyewe: «Tunathibitisha kwamba fundi wetu atafika Jumamosi saa tatu asubuhi, na kazi itachukua takriban saa moja na nusu. Tafadhali ondoeni vitu vyote kabatini na kwenye droo za jikoni, sogezeni samani mbali na kuta, funikeni vyakula na vyombo, na watu pamoja na wanyama wakae nje saa nne. Mkirudi, fungueni madirisha kwa muda wa saa moja kabla ya kuendelea na shughuli zenu.» Naomba tupangane mapema.

Babu: Marahaba, mjukuu wangu. Nimesoma na nimeelewa. Fundi akishaingia saa tatu, mimi nitakaa kibarazani, na ikifika saa nne nitaingia ndani kusikiliza taarifa ya habari.

Zuhura: La hasha, Babu. Hapo wamekusudia muda wa saa nne, si saa nne ya asubuhi, na muda huo unahesabiwa tangu fundi anapomaliza kazi, si tangu anapoingia. Akianza saa tatu atamaliza saa nne na nusu, kwa hiyo saa nne za kusubiri zitaisha saa nane na nusu mchana. Baada ya hapo mtu mmoja ataingia kufungua madirisha na kutoka tena, nasi sote tutarudi saa tisa na nusu.

Babu: Basi wangeandika hivyo. Ndiyo maana siku hizi watu husema «masaa», ingawa sisi tulichapwa kwa neno hilo hilo.

Idi: Mimi naona saa tano zote hizo ni nyingi mno. Dawa ikishaacha kunuka maana yake imekwisha nguvu na mtu anaweza kuingia. Isitoshe, madirisha yakiachwa wazi tangu mwanzo, harufu itatoka upesi zaidi.

Baba Mdogo: Idi, kufungua madirisha ni jambo jema, lakini umekosea wakati wake. Nilisimamia upulizaji wa dawa kwenye maghala kwa miaka kadhaa, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kutoipima dawa kwa pua. Dawa nyingi za mende siku hizi ni za jamii ya pareto iliyotengenezwa kiwandani, na baadhi hazina harufu ya maana hata zikiwa bado mbichi ukutani. Kile unachokinusa mara nyingi ni kimiminika kilichochanganywa nayo, si dawa yenyewe. Saa nne zimewekwa ili matone madogo yaliyomo hewani yatue na yale yaliyo kwenye kingo za kuta yakauke. Dawa ikishakauka, haishiki kwa urahisi kwenye nyayo wala kwenye mikono ya mtoto anayetambaa. Upepo ukipita wakati fundi anapuliza, matone hayo yatapeperushwa na kutua mezani badala ya kutua pembeni mwa ukuta. Fungeni madirisha wakati wa kupuliza, kisha yafungueni baada ya saa nne.

Idi: Nimeelewa. Je, mvua ikinyesha siku hiyo?

Baba Mdogo: Hewa ikiwa na unyevunyevu, dawa huchelewa kukauka. Anayeingia kwanza aangalie sehemu ya chini ya ukuta akiwa ameinama, huku akimulika kwa tochi kutoka ubavuni. Akiona mng'ao wa majimaji, afungue madirisha, atoke, na watu waendelee kusubiri. Asipapase kwa kidole ili kuhakikisha.

Shangazi: Mimi ninachoomba ni kuelezwa kuhusu vyakula. Mwaka jana nilipopuliziwa nilifunika kila kitu kwa kanga na mashuka, tena safi kabisa, na bado fundi alinung'unika mpaka nikaudhika.

Baba Mdogo: Dada, fundi alikuwa na haki ya kunung'unika, ingawa labda hakuwa na adabu. Nguo hunywa matone na kuyapitisha hadi kwenye kilichomo chini yake, halafu nguo yenyewe inabaki na dawa. Kinachofaa ni karatasi ya nailoni inayoshuka hadi chini pande zote, au vyombo vyenye vifuniko vinavyokaza. Vyakula vilivyo ndani ya friji viacheni humo humo, mradi mlango umefungwa. Unga, sukari na nafaka zilizo kwenye mifuko ya karatasi ziingizwe kwenye ndoo zenye vifuniko. Watu husahau vitu vitatu: maji ya kunywa yaliyo wazi, miswaki iliyo bafuni, na bakuli la paka.

Zuhura: Kabla hamjanitania, nilianza kutoa vitu kabatini leo asubuhi na nilipochomoa droo ya vijiko nikakuta jambo. Juu ya droo kulikuwa safi, lakini upande wa chini, pale penye reli, palikuwa na vinyesi vyeusi kama unga wa pilipili manga, na katikati yake mende wadogo watano wamejipanga kwenye ufa usiozidi unene wa sarafu. Mmoja alikuwa amebeba kifuko cha mayai cha rangi ya kahawia nyuma ya mwili wake. Sikuwahi kufikiri kwamba wanakaa huko.

Baba Mdogo: Hiyo ndiyo sababu ya kuambiwa muondoe vitu vyote. Fundi akikuta kabati limejaa sahani, atapuliza kwenye sahani zenu na reli itabaki kavu. Droo zichomolewe kabisa na zipinduliwe. Friji nayo isogezwe, kwa sababu nyuma yake kuna joto la mota na mende hulipenda. Kuta zilizo karibu na jiko zisuguliwe kwa maji ya sabuni leo au kesho, si baadaye, kwa kuwa mafuta yaliyoganda hupunguza mshiko wa dawa.

Shangazi: Hapo kwenye kusugua ndipo nilipoharibikiwa. Niliporudi nyumbani sikutulia hata kidogo. Nilipiga deki nyumba nzima kwa sabuni, nikasugua pembe zote mpaka zikang'aa, nikafuta na makabati ndani. Baada ya wiki tatu mende walikuwa wamerudi kana kwamba hakuna aliyewagusa, nami nikampigia fundi simu kumwambia kwamba ameniuzia maji.

Baba Mdogo: Hakukuuzia maji, dada yangu, bali uliiosha dawa yake. Dawa ile haimuui mende aliyepulizwa tu. Kazi yake kubwa ni kubaki kwenye kingo ili mende anayetoka usiku aikanyage. Futeni meza, sehemu za kupikia na kila mahali chakula kinapogusa, osheni vyombo, na deki muipige katikati ya chumba. Ukanda wa upana wa shubiri moja kutoka ukutani uacheni kwa wiki mbili angalau.

Zuhura: Ukanda huo hautamsumbua mtoto wa Idi, ambaye kila kitu anakitia mdomoni?

Baba Mdogo: Vitu vyake vya kuchezea vitolewe nje kabla ya kazi, na akirudi asiachwe acheze pembeni mwa kuta. Mwambieni fundi kwamba kuna mtoto anayetambaa, ili katika chumba chake apulize kwenye nyufa tu badala ya ukuta mzima. Fundi mwenye kujua kazi yake atakubali.

Idi: Mimi nimenunua kopo la dawa ya kupuliza. Nitaongezea nyuma ya jiko fundi akiondoka, ili tuwe na uhakika.

Baba Mdogo: Lirudishe kopo hilo, tafadhali. Muulizeni fundi kama ataweka jeli ya chambo jikoni, maana wengi huiweka, vitone vidogo kama punje ya dengu kwenye bawaba na nyuma ya jiko. Ukipuliza kopo juu yake, mende ataikimbia harufu na hataila. Jeli hufanya kazi kwa kuliwa.

Zuhura: Nimemwuliza sasa hivi. Anasema ataweka jeli kwenye makabati, na kwenye kingo za sakafu atapuliza deltamethrini, dawa ya jamii hiyo ya pareto. Anasema pia atarudi baada ya wiki mbili au tatu. Shangazi, wewe ulirudiwa?

Shangazi: Alisema atarudi, lakini nilikuwa nimeshamfukuza kwa simu.

Baba Mdogo: Kurudi huko si njama ya kutafuta fedha. Kifuko kimoja cha mayai cha mende wale wadogo huwa na mayai 30 hadi 40, na dawa haipenyi ganda lake. Wale watakaoanguliwa baadaye ndio anaowarudia. Siku za mwanzo mkiona mende wakipepesuka mchana kweupe msishtuke, hao wameshaikanyaga. Mkiona wachanga wanaokimbia vizuri baada ya wiki tatu, andikeni ni upande gani wa nyumba, kwa sababu huko kuna maficho yaliyorukwa.

Babu: Hamjasema lolote kuhusu kifua changu. Mimi nina pumu, na hizo saa tano ni za watu wenye mapafu mazima.

Baba Mdogo: Shikamoo Baba. Hilo sitalijibu kwa kukisia. Ningependelea ulale kwa dada usiku ule, na Zuhura aombe picha ya lebo ya dawa tuisome pamoja na kumwonyesha daktari wako.

Babu: Kwa binti yangu nakwenda, lakini kitanda chake kinalia usiku kucha.

Zuhura: Nimeshaiomba lebo, na nitaiweka hapa ikifika. Limebaki tangi la samaki wa Idi. Nimepima karatasi ya nailoni, nayo inalifunika lote na kubaki.

Baba Mdogo: Karatasi peke yake haitoshi. Dawa za jamii hii huwaua samaki kwa kiasi kidogo sana, na pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini. Pampu izimwe kabla fundi hajafungua mfuko wake, tangi lifunikwe na kubandikwa utepe pande zote. Lililo bora ni kuwahamisha samaki kwa ndoo pana iliyojazwa nusu kwa maji ya tangi lenyewe.

Idi: Wako kumi na wawili, na mmoja ni mkubwa kuliko kiganja changu. Jirani amekubali kuwaweka, ila ana paka wawili.

Zuhura: Kwa hiyo tunahitaji ndoo pana yenye kifuniko chenye matundu. Nani anayo?