MREJESHO: Gari nililomwazima rafiki

Niliuliza: "Nimemwazima rafiki gari, kagonga bajaji. Nani analipa?"

Wakuu, asanteni. Bajaji imelipwa na bima yangu. Walitaka ripoti ya polisi na nakala ya leseni ya jamaa, wakaniuliza kama nilimruhusu kuendesha. Nashukuru leseni yake ilikuwa hai, maana hapo ndipo wangeweza kukataa.

Bampa na taa zangu hazikulipwa. Nina bima ndogo, nayo hufidia wengine tu. Tumeandikiana, atalipa fundi kwa awamu mbili.

Halafu nikiangalia deni la gari, nakuta faini ya mwendokasi, 30,000, ya siku ileile. Imeingia kwenye namba ya gari, kwa hiyo ninayedaiwa ni mimi. Nimemtumia namba ya malipo, kalipa jana.