Naomba ushauri: mkataba umebaki miezi 9, benki inanibana

Wakuu habari. Nimeajiriwa kampuni binafsi, Dar, mkataba wa mwaka mmoja unaohuishwa. Nataka mkopo wa milioni 4. Salari slipu inasoma hivi: mshahara wa msingi 900,000, NSSF 90,000, PAYE 80,500, bodi ya mikopo 135,000 (ile asilimia 15), mkononi 594,500.

Afisa mikopo kaniambia lazima theluthi ya mshahara ibaki, yaani 300,000, hivyo rejesho lisizidi 294,500. Hapo sina shida. Shida ni kwamba mkopo uishe kabla ya mkataba, na umebaki miezi 9. Ukizidisha unapata kama milioni 2.65, na riba haijatoka! Posho ya usafiri napewa taslimu, kwa hiyo kwao haihesabiki.

HR yuko tayari kuandika barua kwamba mkataba umeshahuishwa mara mbili. Afisa anataka mkataba mpya uliosainiwa.

Waliopitia hili: niombe mkataba uhuishwe mapema, au posho iingizwe kwenye slipu na ipitie benki? Hiyo posho ikikatwa kodi, itanisaidia kweli wakati kikwazo ni muda?