Santuri ya marehemu baba imerudi vipande vipande, gitaa la mwanzo limeliwa!!

Wadau nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Yule jamaa wa kuhamishia santuri kwenye kompyuta, mnamjua wote msijifanye, leo kanirudishia flashi yangu. Nilimpa LP ya marehemu baba, muziki wa dansi, nyimbo sita, tatu kila upande. Nafungua nakuta mafaili KUMI NA MOJA. Kwani santuri ilienda kuzaa huko?

Sasa wimbo wa tatu upande A unaanza na gitaa peke yake, taratiiibu, ndo baadae mwimbaji anaingia na "Mpendwa". Faili langu linaanza "...pendwa". Gitaa lote hakuna! Hata M hakuna! Halafu kuna pale bendi inasimama kidogo kabla ya kuchemka, nako kapakata, kwa hiyo wimbo mmoja umekuwa nyimbo mbili. Nampigia ananiambia "ndo ilivyorekodiwa mzee". Ilivyorekodiwa?! Baba alikuwa anapiga hiyo sahani kila Jumapili mtaa mzima unasikia gitaa, leo naambiwa "...pendwa"!

Kijiti: Mkuu pole ila nimecheka. Pendwa wa nani sasa 😂

Mzee wa Sindano: Huyo kaachia programu imkatie. Kwenye Audacity kuna Label Sounds, ukiiacha kama ilivyo inahesabu chochote chini ya -30 dB ni kimya, na kimya kikifika sekunde moja inaona wimbo umeisha. Gitaa la taratibu kwenye santuri ya zamani linaweza kucheza -38 hivi, kwa hiyo kwake hilo ni kimya. Mwimbaji akianza, ile M ya midomo iliyofumbwa nayo ni ndogo, inapita chini, ikipasuka "pe" ndo programu inashtuka. Na bendi ikisimama sekunde moja, kwake wimbo umekwisha.

Mleta uzi: Kwa hiyo M ya baba yangu imeliwa na desibeli!! Si angeshusha hiyo namba tu?

Mzee wa Sindano: Akishusha mpaka -50 anakutana na mikwaruzo. Sahani kuukuu kati ya wimbo na wimbo haiko kimya, inakoroma labda -45, programu haitaona kimya popote na upande mzima utatoka faili moja. Gitaa na mikwaruzo vimepishana kidogo sana, hapo hakuna namba ya kukuokoa, ni macho na masikio.

Binti Makorora: Mbona rahisi, unasafisha kelele kwanza halafu ndo unakata. Mimi nafanya hivyo siku zote.

Mzee wa Sindano: Safisha nakala tu dada, ikusaidie kuona mipaka. Mkato wenyewe fanya kwenye WAV ya mwanzo, maana kisafisha kelele kikizidi kinakula mkia wa gitaa na matoazi. Mimi navuta picha ya sauti mpaka naona mpigo wa kwanza wa gitaa, narudi nyuma kama robo sekunde, nabonyeza Z mkato ukae kwenye sifuri usitoe "tik", kisha Ctrl+B naandika jina. Nikimaliza upande mzima ndo natoa mafaili yote kwa pamoja, MP3 baadae kabisa. Na muwe makini, kwenye LP mara nyingine unasikia gitaa kwa mbaali sekunde 1.8 kabla halijaanza. Ni mfereji wa jirani umevujisha, sahani ikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mzunguko mmoja ni huo huo muda. Usiweke alama pale.

Binti Makorora: Sasa kama huo mvujo umo, mimi ningeuacha ndani. Kuukata unasikika umekatwa.

Mzee wa Sindano: Hapo tunatofautiana.

Mleta uzi: Nyie mnabishana mvujo mimi sina hata gitaa!! "...pendwa" jamani! "...pendwa"!

Kijiti: Muulize kama kabaki na lile faili refu la upande mzima. Kama analo gitaa lako limo humo, anakata upya.

Mleta uzi: Kasema alifuta "kupunguza nafasi".

Mzee wa Sindano: Basi sahani ichezwe upya. Faili refu huwa halifutwi mpaka mwenye mali asikilize.

Chogo wa 45: Afadhali wewe unakatiwa. Mimi nina zile ndogo za 45, wimbo mmoja upande huu Sehemu ya 1, upande wa pili Sehemu ya 2. Wa kwanza unafifia, wa pili unaanzia katikati ya chemko. Nani anaweza kuniunganishia isisikike?

Binti Makorora: Kama kati hapo hawakukata kipande studio inawezekana, ila kama walikata basi. Na pande mbili zinaweza zisilingane spidi.

Kijiti: Mie kaseti za taarabu za mama zimemezwa na redio ya fundi, utepe wote nje kama tambi. Hata hajaomba radhi.

Chogo wa 45: Fundi yupi, yule wa karibu na stendi?

Kijiti: Huyo huyo!!