Roli za mnyororo zinapasuka: je, nihamie pichi ya milimita 31.75?

Zizi Kubwa: Wakuu, ninaomba ushauri kabla sijafunga. Nina mashine ya kukatakata majani ya mifugo inayoendeshwa na mota ya kilowati 4 kupitia mnyororo wa pichi ya milimita 25.4. Kila mnyororo mpya unaanza kupasuka roli baada ya muda mfupi tu wa kazi, hata vipande vyake huanguka chini ya kinga. Nimeona dawa ni mnyororo mnene zaidi, wa pichi ya milimita 31.75. Je, niko sahihi?

Shafti Pinda: Uko sahihi kabisa. Mnyororo ukivunjika maana yake mzigo umeuzidi nguvu, basi ongeza unene. Mashine yetu ya kuvuta magogo ilitusumbua hivyo hivyo hadi tulipopanda saizi mbili, na tangu hapo haijakatika tena.

Binti Karakana: Mimi ningeachana na mnyororo. Mkanda wa V hauhitaji mafuta, haupigi kelele, na bonge la majani likikwama unateleza kidogo badala ya kuvunja kitu.

Hesabu Kwanza: Ndugu Zizi Kubwa, hujataja jambo ambalo ndilo lenye jibu. Sproketi ndogo ina meno mangapi, inazunguka mara ngapi kwa dakika, na mnyororo unaupaka nini?

Zizi Kubwa: Ninapaka grisi nzuri kila asubuhi, hilo halina shida. Shafti ya visu inazunguka mara 360 kwa dakika.

Hesabu Kwanza: Sikuuliza shafti ya visu. Niliuliza sproketi ndogo.

Zizi Kubwa: Ina meno 11 na imefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, mizunguko 1440. Kubwa ina meno 33. Nafasi ndani ya kinga ni finyu, kwa hiyo kwa mnyororo mpya nimechagua sproketi ya meno 9, ambayo kipenyo chake kinakaribiana na hii ya sasa. Niseme ukweli, nimeshaagiza vyote viwili.

Hesabu Kwanza: Basi tuanze na nguvu. Meno 11 ya milimita 25.4 kwa mizunguko 1440 yanaupa mnyororo mwendo wa takriban mita 6.7 kwa sekunde. Kilowati 4 kwa mwendo huo ni mvuto wa niutoni 600 hivi, ilhali mnyororo wa saizi hiyo hukatika kwa zaidi ya niutoni 50,000. Hata ukizidisha mvuto mara kadhaa kwa sababu majani huingia kwa mabonge, bado hujaukaribia ukomo wake. Mzigo ukiuzidi mnyororo, vibamba vya pembeni ndivyo hupasuka kuanzia kwenye matundu ya pini. Kwako vibamba ni vizima na roli ndizo zinazovunjika. Hiyo ni dalili ya kugongwa.

Kila roli inaposhukia jino huligonga, na kwako hutokea hivyo mara 264 kwa sekunde. Pichi ikiwa ndefu na meno yakiwa machache, kiungo hujikunja kwa pembe kubwa zaidi na roli hutua kwa kishindo zaidi. Ndiyo maana uwezo wa mnyororo hupanda pamoja na mizunguko hadi mahali fulani, kisha hushuka. Kwa pichi yako na meno 11, kilele kiko karibu na mizunguko 900, na ukifika 1440 unabaki na chini ya nusu ya uwezo huo, tena kwa mnyororo unaolainishwa ipasavyo. Shafti Pinda hakukosea kuhusu magogo, kwa kuwa mashine ile huenda polepole na kule unene ndio unaoamua. Hapa unene wenyewe ni sehemu ya tatizo.

Zizi Kubwa: Nimekuelewa, lakini meno 9 na 11 tofauti yake ni mawili tu. Chuma kinene kitavumilia.

Hesabu Kwanza: Tofauti haiko kwenye idadi peke yake. Mnyororo hauzungushwi na duara bali na umbo lenye pembe, kwa hiyo unavutwa mara kwa nusukipenyo kirefu, mara kwa kifupi, ingawa mota haibadilishi mwendo. Kwa meno 11 mwendo wa mnyororo hupungua kwa asilimia 4 hivi na kurudi kila jino linapopita, na kwa meno 9 ni asilimia 6. Mtikisiko huo ndio unaousikia kama mngurumo, na utakuwa unautikisa mnyororo ulio mzito zaidi.

Ningefanya kinyume chake: pichi ya milimita 12.7 na meno 21 kwenye mota. Kipenyo chake ni takriban milimita 85, wakati cha sasa ni 90, kwa hiyo nafasi unayo. Mabadiliko ya mwendo yanashuka hadi asilimia 1.1. Kilowati 4 ukiziongezea theluthi kwa ajili ya mishtuko zinakuwa 5.3 hivi, na mnyororo huo kwa mizunguko 1440 unabeba takriban 7, mradi uwe ndani ya bafu la mafuta.

Mzee wa Oili: Hapo kwenye mafuta msipite haraka. Grisi ya kila asubuhi hubaki juu ya vibamba, haiingii kati ya pini na bushi ambako ndiko kunakosuguana, na ikigandamana na vumbi la majani huzuia hata mafuta yasipenye. Fungua kiungo kimoja utazame pini. Ukikuta unga mwekundu kama kutu, hapakuwa na mafuta humo, hata kama kwa nje pananata grisi.

Kengele: Samahani wakuu, mimi nina shaka na simulizi hii. Mota 1440, meno 11 kwa 33, shafti ya visu lazima izunguke mara 480. Yeye kasema 360. Ama mashine hii haipo na tunamfanyia mtu mtihani wake wa chuo, ama kuna anayetafuta sababu ya kuuza minyororo ya 31.75.

Shafti Pinda: Nami niliwaza hivyo. Mtu anapaka grisi kila asubuhi na hajui visu vyake vinakwenda mara ngapi!

Zizi Kubwa: Mashine ipo. Hiyo 360 niliisoma kwenye kibao chake. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na sproketi kubwa nilivyoikuta ni ya meno 33, nimeihesabu tena sasa hivi.

Hesabu Kwanza: Basi Kengele ametufaa. Meno 11 kwa 44 ndiyo yanayotoa 360, kwa hiyo huenda aliyekuwa nayo alibadilisha sproketi kubwa ili ikate haraka. Hilo halibadilishi kinachozipasua roli, kwani upande wa mota ni uleule, lakini gurudumu la visu linazunguka kwa theluthi moja zaidi ya kasi iliyoandikwa, na nguvu inayovuta visu kutoka kwenye boliti zake imepanda karibu mara 1.8. Mimi ningerudi 360: meno 21 kwa 84, kipenyo cha kubwa takriban milimita 340.

Zizi Kubwa: Kwa 360 nitakata majani machache kwa saa. Imekata kwa 480 muda wote na hakuna kisu kilichotoka. Nitachukua 21 kwa 63.

Binti Karakana: Kisu kikitoka hakitoi taarifa. Na ungefunga mkanda, hili la bafu la mafuta lisingekuwepo.

Mzee wa Oili: Kama ni bafu, mafuta yafikie usawa wa katikati ya roli pale mnyororo unapopita chini kabisa, yasizidi hapo. Ukijaza zaidi, mnyororo utayakoroga hadi yachemke na kutoa povu. Kwanza lakini tuambie, hiyo kinga yako imefungwa pande zote, au iko wazi chini kunakoangukia vipande vya roli?

Zizi Kubwa: Iko wazi chini.